Hii namba umeitoa wapi? Kutaja vyanzo na kuandika kwa maneno yako katika ripoti ya biashara

Meneja anayesoma ripoti ya biashara haanzi ukurasa wa kwanza akaenda taratibu hadi wa mwisho. Anafungua kwenye mapendekezo, anakuta namba inayoyabeba, kisha anauliza imetoka wapi na nani kasema. Akikosa jibu palepale, anaanza kuitilia shaka hata sehemu iliyoandikwa kwa uangalifu. Akigundua kuwa aya nzima imenyofolewa kwenye ripoti ya mtu mwingine, hapo mwandishi ana kesi, awe mwanafunzi wa stashahada au ofisa masoko.

Mwongozo huu unafuata mfano mmoja tangu mwanzo. Kampuni ya kuoka mikate iliyoko Morogoro inataka kujua kama ifungue tawi Dodoma. Mwandishi wa ripoti ana vyanzo vinne mezani: takwimu za Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, ripoti ya mshauri wa soko ambayo kampuni ililipia mwaka 2023 (imeandikwa kwa Kiingereza), taarifa za mauzo za kampuni yenyewe, na mahojiano na wenye maduka ya jumla. Kampuni na mshauri ni wa mfano tu. Takwimu za sensa ni za kweli.

Hatua ya 1: Chagua mtindo mmoja kabla hujaandika sentensi ya kwanza

Ripoti nyingi za biashara hutumia mtindo wa mwandishi na mwaka, yaani jina na mwaka vinakaa ndani ya mabano katikati ya maandishi, na maelezo kamili yanakaa kwenye orodha ya marejeo mwishoni. Mitindo miwili inayotumika sana ni APA na Harvard. APA ina kitabu chake cha kanuni, na toleo la saba lilitoka Oktoba 2019. Harvard haina kitabu kimoja rasmi. Kila chuo au mchapishaji ana Harvard yake, huyu anaweka mkato baada ya jina la mwandishi, yule haweki. Kwa hiyo ukiambiwa "tumia Harvard", omba mwongozo wa chuo chako au ripoti moja iliyokwisha kukubaliwa ofisini, uifuate hadi kwenye nukta na mkato.

Kama hakuna aliyekuelekeza, chukua APA, kwa sababu swali lolote utakalokuwa nalo lina jibu moja. Waandishi wawili watajwe wote wawili kila mara. Wakiwa watatu au zaidi, taja wa kwanza na uongeze "na wenzake" tangu mara ya kwanza. Nukuu ya maneno 40 au zaidi hutengwa kwenye aya yake, ikasogezwa ndani, bila alama za kunukuu. Ukurasa uandikwe "uk.", na kurasa zaidi ya moja "kur.".

Tanbihi za chini ya ukurasa waachie wanasheria na wanahistoria. Kwenye ripoti ya biashara zinamlazimisha msomaji kushuka na kupanda.

Hatua ya 2: Daftari la vyanzo, lenye alama tatu

Wizi wa maandishi mwingi haufanyiki siku ya kuandika. Unafanyika wiki mbili kabla, mtu anaponakili sentensi kutoka kwenye PDF na kuibandika kwenye faili lake la maelezo bila alama yoyote. Baada ya wiki mbili hakumbuki tena kama sentensi ile ni yake au ya mshauri. Anaiona imekaa vizuri, anaihamishia kwenye ripoti. Hakukusudia kuiba, lakini msomaji hana namna ya kujua kusudi lake.

Dawa yake ni ndogo. Kila unachoandika kwenye daftari kianze na herufi moja kati ya tatu. N ni nukuu: maneno ya chanzo kama yalivyo, ndani ya alama za kunukuu, pamoja na ukurasa. M ni maneno yangu: jambo ni la chanzo, sentensi ni yako, na ukurasa uandikwe vilevile. W ni wazo langu: hakuna chanzo, ni fikra au hesabu yako. Ukifika siku ya kuandika, N itabaki na alama zake za kunukuu au itaandikwa upya kabisa, N na M zote zitahitaji rejea, na W haihitaji, isipokuwa hesabu uliyoipiga kwa namba za mtu mwingine.

Juu ya kila chanzo andika mambo matano kabla hujasoma ukurasa wa pili: mwandishi au taasisi, mwaka, jina kamili la andiko kama lilivyo kwenye jalada, mchapishaji, na kiungo cha mtandaoni kama kipo, pamoja na tarehe uliyokifungua. Kuyatafuta mambo haya usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha ndiko kunakozaa rejea za kubuni, mwaka uliokisiwa na ukurasa uliotungwa.

Mwaka una mtego wake. Usiku wa kuhesabiwa watu ulikuwa wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022, na matokeo ya mwanzo yalitangazwa tarehe 31 Oktoba mwaka huohuo. Lakini ripoti za sensa zilitoka kwa awamu, na nyingine zina mwaka wa baadaye kwenye jalada. Mwaka unaoingia kwenye mabano ni ule wa jalada la kitabu ulichokishika, wala si mwaka wa watu kuhesabiwa. Mwaka wa takwimu unautaja kwenye sentensi yenyewe: "kufikia sensa ya 2022, mkoa ulikuwa na…".

Mwandishi naye ana mtego. Sensa hiyo haikutolewa na NBS peke yake. Ni kazi ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS) kwa Bara, pamoja na Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali, Zanzibar (OCGS), na zote mbili zimo kwenye jalada. Ripoti za namna hii mara nyingi huwa na ukurasa wa mwanzoni unaoeleza jinsi zinavyotaka kutajwa. Nakili hapo, kisha upange kwa mtindo wako.

Hatua ya 3: Kuandika upya kwa maneno yako

Hapa ndipo watu wengi huteleza, kwa hiyo twende polepole. Ripoti ya mshauri, ukurasa wa 14, ina kifungu ambacho kikitafsiriwa neno kwa neno kinasema hivi:

"Idadi ya watu katika Mkoa wa Dodoma iliongezeka kutoka 2,083,588 mwaka 2012 hadi 3,085,625 mwaka 2022, sawa na wastani wa asilimia 3.9 kwa mwaka. Kasi hii ni kubwa kuliko ya taifa, ambayo ni asilimia 3.2. Ongezeko hilo linaweza kuhusishwa, pamoja na sababu nyingine, na kuhamia kwa shughuli za Serikali Dodoma."

Mwandishi mwenye haraka anafanya hivi:

"Wakazi wa Mkoa wa Dodoma wamekua kutoka 2,083,588 mwaka 2012 mpaka 3,085,625 mwaka 2022, ambayo ni wastani wa asilimia 3.9 kila mwaka. Mwendo huu ni mkubwa kuliko wa nchi nzima, ambao ni asilimia 3.2. Ukuaji huo umesababishwa na Serikali kuhamia Dodoma."

Hapo pana makosa matatu. La kwanza, sentensi ni zilezile tatu, kwa mpangilio uleule, zimevalishwa visawe. Huo ni wizi hata ukiweka rejea mwishoni, kwa sababu rejea inasema "jambo hili nimelitoa kwake", haisemi "na sentensi pia ni zake". La pili, kisawe kimeharibu maana: idadi ya wakazi ndiyo inayoongezeka, wakazi wenyewe "kukua" ni habari nyingine. La tatu ndilo baya zaidi kwa biashara. Mshauri alisema "linaweza kuhusishwa, pamoja na sababu nyingine", na mwandishi ameandika "umesababishwa". Tahadhari ya mshauri imefutwa, na sasa kampuni inaambiwa jambo ambalo hakuna aliyelithibitisha.

Njia inayofanya kazi ni hii. Soma kifungu mpaka ukielewe, kisha kifunge, kweli kifunge, dirisha la PDF lisionekane. Jiulize: ripoti yangu inahitaji nini kutoka hapa? Kampuni ya mikate haihitaji historia ya idadi ya watu. Inahitaji kujua kama wateja wanaongezeka, kwa kasi gani, na kama sababu ya ongezeko ni ya kutegemewa. Andika jibu la swali hilo. Ukianza na swali lako, mpangilio wa sentensi unabadilika wenyewe, kwa sababu unajenga hoja yako na humfuati tena mshauri nyuma. Ukianza na sentensi yake, utaishia kumbadilishia maneno tu.

Kabla hujaweka rejea, kuna jambo jingine. Kifungu kile kina wenyewe wawili. Namba si za mshauri, ni za sensa, naye amezibeba tu. Tafsiri kwamba kuhamia kwa Serikali ni mojawapo ya sababu ndiyo yake. Kwa hiyo rudi kwenye ripoti ya sensa, hakiki namba kwa macho yako, kisha uitaje sensa kwa namba na mshauri kwa maelezo. Namba inapopita mikononi mwa watu watatu, tarakimu hugeuzana mahali, na mkoa hugeuka kuwa jiji.

Sasa aya inaweza kuwa hivi:

"Soko la Mkoa wa Dodoma linapanuka haraka kuliko la nchi kwa jumla. Kati ya sensa ya 2012 na ya 2022 mkoa uliongeza watu wapatao milioni moja, kwa wastani wa asilimia 3.9 kwa mwaka, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 3.2 (NBS na OCGS, 2022). Mshauri wa Soko (2023, uk. 14) anaitaja hatua ya Serikali kuhamishia shughuli zake Dodoma kuwa mojawapo ya sababu zinazowezekana, bila kuitenga na nyingine. Kwa kampuni yetu, hata hivyo, takwimu hizi zina mpaka: ni za mkoa mzima, unaojumuisha Kondoa, Kongwa, Mpwapwa na wilaya nyingine, na magari yetu ya kusambaza mikate hayatafika huko katika mwaka wa kwanza."

Angalia kazi ya kila sentensi. Ya kwanza ni dai la mwandishi. Ya pili ina ushahidi, na mwenye ushahidi ametajwa. Ya tatu inamwachia mshauri tahadhari yake. Ya nne ni ya mwandishi tena, na maneno "kwa kampuni yetu" yanamwonyesha msomaji kwamba kilichoazimwa kimeishia hapo.

Ukimaliza, ndipo unafungua chanzo na kulinganisha. Kwanza tafuta mfululizo wa maneno manne au matano yanayofanana. Majina ya kitaalamu kama "wastani wa ongezeko la watu kwa mwaka" hayahesabiki, kwa kuwa hayana namna nyingine. Mengine yavunje, au uyatie alama za kunukuu. Kisha tazama mpangilio: je, hoja zako zinafuatana sawasawa na zake? Halafu tazama maneno ya kupima nguvu ya dai, kama "huenda", "baadhi", "katika mikoa mitatu", uone kama yamevuka salama. Mwisho, soma kila tarakimu moja baada ya nyingine.

Kutafsiri si kuandika upya

Hili linawahusu hasa wanaoandika ripoti kwa Kiswahili kutoka vyanzo vya Kiingereza, ambao ndio wengi wetu. Mtu anatafsiri aya nzima kwa ustadi, anahangaika na istilahi, na mwishowe anaamini kuwa aya ni yake kwa sababu jasho ni lake. Lakini hoja, mpangilio na uchaguzi wa mifano vyote ni vya mwandishi wa kwanza. Programu za kulinganisha maandishi huenda zisikamate kitu, kwa sababu maneno ya Kiswahili hayafanani na ya Kiingereza, na ripoti ikatoka na mfanano mdogo kabisa. Msomaji anayekijua chanzo atakamata kwa aya mbili.

Kanuni ni kwamba tafsiri yako mwenyewe lazima iwe na rejea siku zote. Mitindo inatofautiana kuhusu alama za kunukuu. APA huihesabu tafsiri uliyofanya mwenyewe kuwa ni maelezo kwa maneno yako, hivyo haitaki alama za kunukuu, bali jina na mwaka, na ukurasa ukiweza. Miongozo mingine hutaka alama za kunukuu pamoja na maneno "tafsiri ya mwandishi" ndani ya mabano. Kwa vyovyote, usitafsiri zaidi ya sentensi moja au mbili mfululizo. Ukiona unahitaji aya nzima, funga chanzo, urudi kwenye swali la ripoti yako.

Nukuu ya moja kwa moja, kwa upande wake, ina nafasi finyu kwenye ripoti ya biashara. Itumie pale ambapo maneno yenyewe ndiyo ushahidi: kifungu cha mkataba, sharti la leseni, kauli ya mteja inayolalamika. Namba za sensa hazina haja ya kunukuliwa. Zina haja ya kutajwa chanzo.

Hatua ya 4: Rejea ikae karibu na kilichoazimwa

Kosa la kawaida ni kuandika aya ya sentensi nane na kuweka mabano mamoja mwishoni kabisa. Msomaji hajui kama yanahusu sentensi zote nane au ya mwisho tu. Weka rejea kwenye sentensi ya kwanza iliyoazimwa. Ukiendelea na chanzo kilekile, fungua sentensi inayofuata kwa "ripoti hiyo inaongeza kuwa…" ili mpaka uendelee kuonekana. Ukianza maoni yako, sema ni yako.

Jina likiwa sehemu ya sentensi, mabano yanabeba mwaka peke yake: Mshauri wa Soko (2023) anaeleza. Jina lisipokuwa sehemu ya sentensi, vyote huingia ndani ya mabano, na nukta hukaa baada ya mabano, si kabla yake. Taasisi yenye jina refu iandikwe kamili mara ya kwanza pamoja na kifupisho chake, kisha kifupisho pekee.

Ukikosa kukipata chanzo cha kwanza kabisa, taja vyote viwili: fulani, "kama alivyotajwa katika" fulani, na kwenye orodha ya marejeo weka kile ulichokisoma wewe. Kumtaja mtu ambaye hukumsoma ni uongo mdogo unaoumbua haraka, maana makosa ya aliyekutangulia huyabeba nawe.

Si kila kitu kinataka rejea. Kwamba Dodoma ni makao makuu ya nchi, kila msomaji wa Tanzania anajua. Kwamba ilipandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2018, wengi wanajua pia, lakini kama pendekezo lako linategemea hadhi hiyo, kwa mfano kwa ajili ya ada za leseni, tafuta chanzo na ukitaje. Namba usiziache bila chanzo hata moja.

Hatua ya 5: Namba ulizokokotoa, majedwali na picha

Ukichukua namba za mtu ukazipigia hesabu, matokeo ni yako na malighafi ni yake. Sema yote mawili, na uonyeshe hesabu. Tuseme unataka kumwonyesha meneja jumla ya ongezeko la miaka kumi. Kutoka 2,083,588 hadi 3,085,625 ni watu 1,002,037, sawa na asilimia 48.1. Meneja atagawa 48.1 kwa 10, atapata 4.8, atauliza kwa nini umeandika 3.9. Jibu ni kwamba kila mwaka huongeza juu ya idadi iliyokwisha kukua, kwa hiyo kiwango cha mwaka hakipatikani kwa kugawa kawaida. Hesabu yake, ambapo ln ni logi asilia, ni hii:

```
ln(3085625 / 2083588) / 10 = 0.0393
```

Weka hesabu hiyo kwenye kiambatisho, na chini ya jedwali uandike "Chanzo: Hesabu za mwandishi kutokana na takwimu za NBS na OCGS (2022)". Jedwali ulilolichukua bila kubadilisha liandikwe "Chanzo:" na rejea yenye ukurasa. Ukiondoa safu au kuunganisha makundi, sema "limerekebishwa kutoka".

Picha, ramani na grafu za mtu mwingine zina suala la ziada, la hakimiliki. Kutaja chanzo kunakuondolea kosa la wizi wa maandishi, lakini hakukupi ruhusa ya kuchapisha ramani nzima ya mtu. Ripoti ya ndani ya kampuni haina msukosuko mkubwa hapo. Ripoti itakayowekwa kwenye tovuti au kupewa wawekezaji inahitaji ruhusa ya mwenye ramani kwa maandishi, au uchore grafu yako kutokana na takwimu zilezile.

Hatua ya 6: Nyaraka za ndani na watu uliozungumza nao

Vitabu vya kanuni vimeandikwa zaidi kwa ajili ya wanataaluma, kumbe ripoti ya biashara husimama juu ya vitu ambavyo havijachapishwa. Taarifa ya mauzo ya kampuni ni chanzo kama vingine: mwandishi ni idara, mwaka upo, jina lipo, na mahali pa mchapishaji unaandika kuwa ni waraka wa ndani ambao haujachapishwa. Mfano: Idara ya Mauzo (2023). *Taarifa ya mauzo ya robo ya tatu*. Waraka wa ndani. Kutoiandika rejea "kwa sababu ni yetu wenyewe" ni kosa. Mwakani meneja atakuwa mwingine, na taarifa za robo ya tatu zitakuwa na matoleo mawili, la awali na lililosahihishwa. Andika tarehe ya toleo ulilotumia.

Mahojiano hutajwa ndani ya maandishi kwa cheo na tarehe kamili: (mmiliki wa duka la jumla, mahojiano, 12 Machi 2024). Kwa APA hayaingii kwenye orodha ya mwisho, kwa kuwa msomaji hawezi kuyafungua akayasoma. Matoleo mengi ya Harvard huyaingiza. Jina la mtu liandikwe tu kama alikubali, na umwambie mapema ripoti itasomwa na nani. Mwenye duka aliyekutajia faida anayopata kwa kila mkate hakudhani kwamba mshindani wake ataisoma.

Ripoti ya mshauri nayo itazamwe mkataba wake. Kampuni kuilipia hakumaanishi kwamba unaweza kuisambaza nje. Mara nyingi inaruhusiwa kutumiwa ndani tu, na kuitaja kwenye waraka wa benki kunahitaji idhini.

Hatua ya 7: Orodha ya marejeo

Orodha ipangwe kwa alfabeti ya jina la kwanza kuonekana, na kila jina lililomo ndani ya mabano lipatikane kwenye orodha kwa umbo lilelile. Ukiandika NBS ndani na kwenye orodha ukaweka "Ofisi ya Taifa ya Takwimu" bila kifupisho popote, msomaji atatafuta herufi N na kukosa. Eleza kifupisho mara ya kwanza kinapotokea kwenye maandishi.

Majina ya watu wetu huwatatiza wengi. Kwa desturi, jina la mwisho ndilo linalotangulia: Julius Kambarage Nyerere anakuwa Nyerere, J. K., na Ali Hassan Mwinyi anakuwa Mwinyi, A. H. Vyeo kama Dkt., Prof., Mhe. na Alhaji haviingii. Kama mwandishi mwenyewe anajitaja kwa namna nyingine kwenye maandiko yake, mfuate yeye. Jina la andiko libaki katika lugha lilikochapishwa. Usilitafsiri likapotea, kwa sababu msomaji atalitafuta kwa jina lake la asili.

Wanaotumia Microsoft Word kupitia References na Insert Citation wajihadhari na mambo mawili. Orodha ya mitindo kwenye matoleo mengi ya Word ina APA ya toleo la sita, na kwa toleo hilo waandishi watatu hadi watano hutajwa wote mara ya kwanza, tofauti na toleo la saba. Pili, ukiandika taasisi kwenye nafasi ya Author, Word hudhani ni mtu mwenye majina matano. "Ofisi ya Taifa ya Takwimu" hutokea kwenye orodha kama "Takwimu, O. y. T. y.", ikakaa kwenye herufi T, kana kwamba kuna bwana anayeitwa Takwimu. Weka alama kwenye kisanduku cha Corporate Author na uandike jina humo. Kosa hili ni rahisi kulitambua: pitisha macho kwenye orodha utafute herufi ndogo zilizosimama peke yake baada ya mkato.

Hatua ya 8: Ukaguzi wa saa moja

Chapisha ripoti kwenye karatasi. Kwa kalamu nyekundu, zungushia kila namba na kila dai ambalo msomaji mbishi angeuliza "nani kasema?". Kila mduara uwe na rejea karibu nao, au maneno yanayoonyesha ni hesabu au maoni yako. Kisha chukua orodha ya marejeo, na kwa kila chanzo tafuta mahali kilipotumika. Kisichotumika kifute, kwani kujaza orodha kwa vyanzo visivyosomwa ni udanganyifu pia. Halafu geuza: kila jina kwenye mabano litafutwe kwenye orodha.

Muhtasari wa mwanzoni kwa kawaida hauna rejea, maana kila kilichomo kimekwisha kutajwa ndani. Lakini hakikisha namba zake ni zilezile. Ni kawaida kukuta asilimia 3.9 kwenye sura ya pili na asilimia 4 kwenye muhtasari, na msomaji anayesoma muhtasari tu akaibeba 4 hadi kwenye kikao cha bodi.

Ukipitisha ripoti kwenye programu kama Turnitin, usisome asilimia ya jumla peke yake. Asilimia ile inapima maandishi yanayofanana, na humo kunaweza kuwa na orodha ya marejeo, majina ya taasisi na nukuu halali. Ripoti yenye asilimia 20 inaweza kuwa safi, na yenye asilimia 4 ikawa na aya nzima iliyoibwa. Fungua kila sehemu iliyopakwa rangi. Kama ni jina la sensa, iache. Kama ni sentensi mbili mfululizo kutoka chanzo kimoja, rudi kwenye daftari lako, tazama ilikuwa N au M, uirekebishe.